Wimbo wa Kampeni Una Miaka Miwili

Mtu anayetafuta wimbo wa kampeni hufika na vitu vitatu: kaulimbiu, jina la mgombea na mwaka. Jina la wimbo halijui, mwimbaji anambahatisha, na beti zimeshamtoka kichwani. Mara nyingi ataanza na mwaka, maana tarakimu humpa mtu ujasiri: "Ni wa 2015 huo, nina uhakika." Mwenye kibanda cha kurusha nyimbo ninayetaka kumsimulia, hapa Tandale upande wa kwa Mtogole, hambishii. Anauacha mwaka ukae pembeni, kisha anauliza: "Kwenye kiitikio walikuwa wanasemaje?"

Watu wanamwita fundi, na jina hilo linamstahili. Alianza kwa kuuza kaseti, akahamia kwenye CD, na sasa anarusha nyimbo kwenye memori kadi, flashi na simu. Nyimbo za kampeni hazimwingizii fedha nyingi, kwa sababu msimu wenyewe ukifika zinagawiwa bure. Wanaozilipia huja miaka kadhaa baadaye: mshereheshaji anayetaka kumwingiza ukumbini mzee aliyewahi kuwa diwani, kikundi cha vikoba kinachotaka kucheza wimbo uliowakutanisha, au kijana anayeandaa picha za marehemu baba yake aliyekuwa kada. Hapo ndipo kazi ya kuusaka wimbo inapoanza, na nimekaa naye vya kutosha kujua kwamba haifanyi kwa kubahatisha. Ana utaratibu: kaulimbiu kwanza, mgombea pili, mwaka mwisho kabisa.

Sababu ya utaratibu huo ni jinsi kila kimoja kinavyokaa kichwani. Kaulimbiu huimbwa na umati, hurudiwa na gari la matangazo kutwa nzima, huandikwa kwenye fulana, kofia na kanga. Kwa hiyo hukumbukwa karibu neno kwa neno. Jina la mgombea nalo hukumbukwa, ila wagombea wengi wamesimama zaidi ya mara moja. Mwaka hauimbwi. Mtu huuongeza mwenyewe baadaye, kwa kukadiria, na kwa kuwa uchaguzi mkuu wetu huja kila baada ya miaka mitano, anayekosea hukosea kwa mitano kamili. Anayesema 2010 huenda alikuwa na maana ya 2005, na anayesema 2015 huenda alikuwa na maana ya 2020. Ni nadra akosee kwa mwaka mmoja.

Uzuri wa kaulimbiu unaonekana vizuri kwenye nyimbo za Kikwete. Mwaka 2005 aliingia na Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Mwaka 2010, aliporudi kuomba kipindi cha pili, maneno matatu ya mwanzo yalibaki lakini mkia ulibadilika: Ari Zaidi, Nguvu Zaidi, Kasi Zaidi. Mteja akifika na kusema, "Ule wa ari na kasi," bado hajasema lolote la kumsaidia fundi kuchagua. Kinachotakiwa ni neno dogo linalofuata. Lakini fundi hamuulizi moja kwa moja kama lilikuwa mpya au zaidi, kwa sababu ukimpa mtu maneno mawili achague atachagua lile la mwisho kulisikia, na atalishikilia. Anamwambia, "Hebu kiimbe kile kipande, usijali sauti." Mteja akiimba, mdomo wenyewe hutoa neno lililokuwamo, maana mpya na zaidi hazina uzito mmoja kwenye mdundo. Neno moja dogo, na miaka mitano inatengana.

Kaulimbiu nyingine ni ngumu zaidi. Hapa Kazi Tu ilianza na Magufuli mwaka 2015, ikaendelea kutumika serikalini kipindi chote cha uongozi wake, ikarudi kwenye kampeni za 2020. Kwenye kompyuta ya fundi kuna mafaili kibao yaliyoandikwa HAPA KAZI TU.mp3, HAPA KAZI TU MPYA.mp3 na HAPA KAZI.mp3, na karibu kila moja ni wimbo tofauti. Kwa kaulimbiu ya namna hii mtu hapati wimbo, anapata kipindi tu. Fundi anajua tofauti hiyo, na ndiyo maana hakimbilii kucheza faili la kwanza lenye jina linalofanana. Ukimchezea mteja wimbo usio wake mapema mno, sikio lake huchafuka, na ule aliokuja nao huanza kufifia.

Akishapata kaulimbiu anahamia kwa mgombea, na hapo swali lake ni fupi: "Na nani?" Nyimbo za kampeni za urais hapa kwetu hazimtaji mgombea peke yake. Humtaja na mgombea mwenza, na za CCM mara nyingi humuunganisha na mgombea urais wa Zanzibar. Jina la pili ndilo linalotoa mwaka. Kikwete na Bilal ni 2010, kwa sababu Mohamed Gharib Bilal alikuwa mgombea mwenza wa mwaka huo tu. Kikwete na Karume ni 2005, kwa sababu Amani Abeid Karume alikuwa akiomba kipindi chake cha pili Zanzibar mwaka huo. Mtego upo kwa Shein. Mwaka 2005 Ali Mohamed Shein alikuwa mgombea mwenza wa Kikwete, na mwaka 2010 alikuwa mgombea urais wa Zanzibar. Jina lake linaweza kusikika kwenye nyimbo za misimu yote miwili, likiwa na jina lilelile la Kikwete. Mtu asiyejua historia hiyo atasikia Kikwete na Shein, ataandika 2005, na ataridhika. Fundi husubiri jina la tatu, au husikiliza kama wimbo unamtaja Shein kwa mambo ya Muungano au kwa mambo ya Visiwani.

Kwa Magufuli mambo ni kinyume. Samia alikuwa mgombea mwenza wake 2015 na 2020, kwa hiyo jina la Samia halitenganishi chochote. Kinachotenganisha ni Zanzibar: Magufuli na Shein ni 2015, Magufuli na Hussein Mwinyi ni 2020.

Lowassa ni somo la peke yake, na ndiye mgombea ambaye fundi humzungumzia kwa raha kuliko wote, kwa sababu nyimbo zake unaweza kuziwekea mpaka wa wiki. Nyimbo za kumsifu zinazomtaja pamoja na CCM na ile Safari ya Matumaini zilitengenezwa kabla jina lake halijakatwa Dodoma mwezi Julai 2015. Tarehe 28 ya mwezi huohuo akatangazwa kujiunga na Chadema, na kuanzia hapo nyimbo zikawa za Ukawa na za mabadiliko, zikimtaja na Juma Duni Haji. Mtu mmoja, mwaka mmoja, rangi mbili za bendera. Mteja akisema "wimbo wa Lowassa wa 2015," fundi bado ana swali: "Wa kijani au wa Ukawa?" Nimeona wateja wakisita hapo, kisha macho yakafunguka, maana wenyewe walikuwa wamesahau kwamba ziliwahi kuwepo za aina zote mbili.

Mwaka unakuja mwisho, na hata hapo fundi haulizi mwaka. Anauliza mtaa ulikuwaje. Watu wa Dar es Salaam wana alama zao za uchaguzi ambazo hazifanani. Anayekumbuka kwamba walipiga kura, zikafutwa, wakapanga foleni tena, huyo anazungumzia 1995: uchaguzi wa jiji hili ulivurugika Oktoba ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Anayekumbuka kupiga kura karibu na Krismasi anazungumzia 2005, kwa sababu kifo cha mgombea mwenza wa Chadema kiliusogeza uchaguzi kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14. Kwa watu wa Kinondoni, 2015 ni mwaka wa kipindupindu, kilicholipuka wilayani mwetu mwezi Agosti, wakati kampeni ndiyo zinaanza. Na 2020 ni mwaka wa korona. Kumbukumbu za namna hii hazitoki kwa urahisi, maana zilimgusa mtu mwilini: alichemsha maji, alisimama juani mara ya pili, alikaa na watoto nyumbani shule zilipofungwa. Tarakimu humpotea mtu, foleni aliyoipanga mara mbili haimpotei.

Siku moja nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, alifika mama mmoja anayeuza nafaka Soko la Tandale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina wimbo wa kampeni nautafuta. Wa Magufuli, mwaka 2015, Hapa Kazi Tu. Kaimba huyu mtoto wetu, Diamond."

Diamond Platnumz amekulia Tandale, na hapa watu humtaja kama jirani. Taarifa ya mama ilionekana kamili: kaulimbiu ipo, mgombea yupo, mwaka upo, na mwimbaji ameongezwa. Mwingine angeandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia na kumpa mama cha kwanza kilichojitokeza. Fundi alivua hedifoni, akazima spika kabisa, akavuta stuli akamkaribisha mama aketi. Kibanda kikiwa na muziki, mtu hawezi kuusikia muziki ulio kichwani mwake.

"Mama, walimtaja na nani?"

"Na mama Samia."

Hiyo haikutenganisha. "Alikuwa anashindana na nani mwaka huo?"

"Na Lowassa. Tulikwenda Jangwani wenyewe."

Jibu hilo lilikuwa la 2015 bila shaka. Kama fundi angekuwa mtu wa kuamini mwaka, angesimama hapo. Badala yake aliuliza swali la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye ufundi wote: "Ule mdundo, uliwahi kuusikia kwenye wimbo mwingine wowote, usio wa kampeni?"

Mama alifikiri. Akasema ndiyo, ulikuwa unapigwa kwenye sherehe, na watoto walikuwa wakiucheza. Fundi akamwomba auimbe bila maneno. Mama akaanza kwa sauti ya chini, akipigapiga goti kwa kiganja. Fundi hakutazama kompyuta. Alikuwa anatazama kile kiganja, anahesabu kwa kidole pembeni ya meza, na kabla mama hajafika mwisho wa kipande alikuwa ameshatikisa kichwa. Mama alikuwa anaimba Baba Lao.

Hapo kuna kanuni ambayo fundi huitegemea kuliko zote, nayo ni wimbo mama. Nyimbo nyingi za kampeni za wasanii wa bongo fleva hazikutungwa upya. Msanii huchukua wimbo wake uliokwisha kupendwa, huacha mdundo na sauti ya kiitikio, hubadilisha maneno, na kuingiza jina la mgombea na la chama. Pii Pii ya Marlaw, iliyotamba 2009, ilipata toleo la kumpigia kampeni Kikwete 2010. Number One ya Diamond, iliyotoka 2013, nayo ikapata toleo la CCM. Sasa kama wimbo wa kampeni umejengwa juu ya wimbo mwingine, hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko huo wa kwanza. Toleo la Pii Pii haliwezi kuwa la 2005, hata mtu aapie. Toleo la Number One haliwezi kuwa la 2010. Na Baba Lao ulitoka 2019, kwa hiyo wimbo wa kampeni wenye mdundo huo hauwezi kuwa wa 2015. Uchaguzi mkuu ambao Magufuli aligombea baada ya 2019 ulikuwa mmoja tu, wa Oktoba 2020, na wimbo ambao mama alikuwa anautafuta ni Magufuli Baba Lao.

Kujua ni jambo moja, kumwonyesha mtu ni jingine. Fundi hakumwambia mama kwamba amekosea. Alimchezea kwanza sekunde chache za Baba Lao wenyewe. Mama akasema, "Ndiyo huu, lakini sio huu." Jibu hilo ndilo fundi alilokuwa akilisubiri, maana linathibitisha mambo mawili kwa pamoja: mdundo ni wenyewe, maneno siyo. Ndipo akafungua lile toleo la kampeni. Mama hakusema kitu. Alianza kuimba pamoja nao kuanzia kwenye kiitikio, na kwenye kipande kimoja alitangulia maneno kabla spika haijayatoa. Kwa fundi huo ndio uthibitisho. Mtu anaweza kukubali wimbo kwa adabu tu, ili asimsumbue aliyehangaika kumtafutia. Lakini hawezi kutangulia maneno ya wimbo ambao hakuwahi kuusikia.

Kisha ikabaki kueleza Lowassa alitoka wapi. Fundi aliuliza taratibu yule Magufuli wa Jangwani alikuwa anafanya nini jukwaani. Mama akacheka, akasema alipiga pushapu. Zile pushapu ni za 2015. Na siku aliyoucheza wimbo huu mwenyewe, alikuwa na nani? Alikuwa na mjukuu wake, aliyekuwa amerudi shule baada ya ile likizo ya korona. Hiyo ni 2020. Mama alikuwa na kumbukumbu mbili za kweli, za misimu miwili, ambazo zilikuwa zimeshikana kwa sababu mgombea alikuwa mmoja, kaulimbiu moja, mgombea mwenza mmoja na mwimbaji mmoja. Hakuna alichobuni. Kazi ya fundi ilikuwa kuzitenganisha bila kuharibu hata moja.

Angekuwa hana wimbo mama wa kumwongoza, angesikiliza maneno. Wimbo wa kipindi cha kwanza humtambulisha mtu: jina lake, alikotoka, wizara alizoshika, atafanya nini. Wimbo wa kipindi cha pili huorodhesha yaliyofanyika na kuomba aendelee. Nyimbo za Magufuli za 2020 zimejaa ndege, reli na barabara za juu. Flaiova ya Tazara ilifunguliwa 2018. Wimbo unaoisifu kwamba imejengwa hauwezi kuwa uliimbwa 2015, na hapo huhitaji kumjua mwimbaji wala mdundo.

Zipo pia alama zilizo nje ya wimbo. Faili likifika likiwa na jina kama AUD-20200915-WA0012.mp3, fundi hulisoma kwa makini. Herufi za WA ni za WhatsApp, na zile tarakimu nane za katikati ni mwaka, mwezi na siku ambayo faili liliingia kwenye simu ya mtu. Hazisemi wimbo ulirekodiwa lini. Zinasema tu kwamba siku hiyo ulikuwa umeshakuwepo. Wimbo mama hutoa mpaka wa mwanzo, jina la faili hutoa mpaka wa mwisho, na ukweli unakaa katikati. Lakini kila simu mpya inayopokea faili hulipa tarehe yake, kwa hiyo wimbo wa 2015 uliotumwa jana utaonekana wa jana. Ndiyo maana fundi huwaomba watu wenye simu za zamani wasifute chochote kabla hajapitia, na hutafuta nakala yenye tarehe ya mapema kuliko zote.

Tarehe moja humfanya awe mwangalifu zaidi: Machi 2021. Magufuli alifariki tarehe 17 mwezi huo, na wiki zilizofuata simu zilijaa nyimbo zake. Nyingi zilikuwa za maombolezo, nyingine za kampeni zilizotumwa upya kwa huzuni. Mtu anayekumbuka wimbo wa Magufuli wenye kutia simanzi anaweza akauita wa kampeni kwa sababu aliusikia pamoja na zile za kampeni. Fundi husikiliza kama wimbo unaomba kura au unaaga. Wimbo wa kampeni daima una kitu cha kuombwa kesho.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipomtazama mtu huyu akifanya kazi. Wimbo wa kampeni una miaka miwili: ule uliotengenezwa na ule uliosikika. Kapteni John Komba aliiongoza Tanzania One Theatre, TOT, na sauti yake ikawa sauti ya mikutano ya CCM kwa miaka mingi. Alifariki tarehe 28 Februari 2015. Magufuli aliteuliwa kuwa mgombea Julai 2015. Kwa hiyo mtu akisema anautafuta wimbo wa Komba wa kumnadi Magufuli awe rais, wimbo huo haupo na hauwezi kuwepo. Lakini mtu huyohuyo akisema alimsikia Komba kwenye kampeni za Magufuli, anaweza kuwa anasema kweli tupu, kwa kuwa spika za chama huzicheza nyimbo za zamani msimu hadi msimu. Wimbo ni wa zamani, masikio ni ya 2015. Asiyejua hilo atamwambia mteja kwamba anaota. Fundi humwambia, "Ulimsikia, ndiyo. Tutafute wimbo wa chama usiotaja mgombea," na mara nyingi ndivyo inavyokuwa: wimbo uliodumu ni ule usiokuwa na jina la mtu ndani.

Kwa sababu hiyo, kwenye daftari lake kila wimbo una safu mbili za mwaka, na akikamilisha kazi huandika zote. Kwa wimbo wa yule mama zote zilisomeka 2020. Kwa nyimbo za TOT mara nyingi zinapishana.

Nyimbo za wabunge na madiwani zina ugumu wake. Hurekodiwa studio za mtaani, huzunguka kata moja au jimbo moja kwenye gari la matangazo, na hazifiki redioni. Hapo mwaka unaweza kutoka nje ya ule mpangilio wa mitano mitano. Jimbo letu la Kinondoni lina mfano ambao fundi hupenda kuwapa vijana wanaojifunza kwake. Maulid Mtulia alishinda ubunge 2015 kwa tiketi ya CUF, ndani ya Ukawa. Mwishoni mwa 2017 alijiuzulu akahamia CCM, na Februari 2018 akagombea tena jimbo lilelile katika uchaguzi mdogo, akashinda. Wimbo wa Mtulia unaweza kuwa na Haki Sawa kwa Wote, na unaweza kuwa na kaulimbiu za CCM. Jina lilelile, jimbo lilelile, mitaa ileile inatajwa. Anayekariri kwamba kampeni ni 2010, 2015, 2020 hatafikiria kabisa Februari 2018. Hapo kaulimbiu inarudi kuwa mfalme: haki sawa ni 2015, ya kijani ni 2018.

Zipo kazi ambazo hazimaliziki. Kwenye boksi lake la kaseti iko moja isiyo na karatasi, yenye wimbo wa kumnadi Mkapa. Mkapa alisimama 1995 na 2000, na miaka yote miwili mgombea mwenza alikuwa Dokta Omar Ali Juma, kwa hiyo swali la "na nani" linagonga mwamba. Zanzibar ingeweza kusaidia, kwa sababu 1995 aliyegombea kule alikuwa Salmin Amour na 2000 alikuwa Amani Karume, lakini wimbo hautaji Visiwani. Hakuna wimbo mama, maana umetungwa kwa mtindo wa kwaya. Maneno yanamsifu bila kusema kama anaanza au anaendelea. Nimemsikia mteja mmoja akimshawishi aandike 2000 tu, yaishe, kwa kuwa kaseti za 1995 zilizobaki ni chache. Fundi alikataa. Alisema uchache wa kaseti unahusu kaseti, hauhusu wimbo huu.

Kwenye daftari, safu ya mwaka wa kutengenezwa ameandika 1995 au 2000, na pembeni ameorodhesha vitu vitatu ambavyo vingemaliza ubishi: ubeti unaokosekana mwishoni pale utepe ulipokatika, mtu aliyekuwa kwenye kwaya hiyo, au nakala nyingine yenye karatasi yake. Nawaheshimu sana watu wanaoweza kukupa jibu haraka. Lakini kwa nyimbo hizi, ambazo kila mtu anadai kuzikumbuka na kila chama kingependa zisomeke kwa namna yake, namheshimu zaidi aliyeandika "au" na kujua hasa ni kitu gani kitakachomruhusu kuifuta.